Shanga Zilizokunywa Mvua

Ukimwita mtu mkavu kwa lugha yetu, umeshamtukana nusu. Mkavu ni mwenye macho makavu, asiyeona haya, anayekopa na kukusalimia kesho yake kama hakuna kitu. Sasa yule mzee wa maabara yetu alikuwa na haya kupita kiasi. Ukimsifia shati, analitazama kama vile amevaa la mtu mwingine. Lakini kiwanda kizima kilimwita Mkavu, na wageni wakilisikia jina kabla ya kumwona walikuwa wanashika vizuri mikoba yao.

Jina alilipata kwa kazi. Tunatengeneza vanishi ya mbao, ile inayouzwa makopo mawili, kubwa na dogo, fundi seremala anayachanganya ndipo inakaza. Kopo dogo ndilo lenye ugomvi. Dawa ya kukazia iliyomo ndani haipatani na maji hata kidogo. Ikikutana nayo inatoa gesi, na kopo lililofungwa linavimba tumbo huko dukani mpaka mfuniko unaruka. Kwa hiyo kiyeyusho tunachoizimulia, kama vile asetoni, lazima kikaushwe kwanza. Ndiyo, majimaji yanakaushwa. Asetoni unaiona inamiminika kama maji ya mtungi, lakini ndani yake kuna maji kidogo yaliyojificha, na hayo ndiyo Mkavu aliyokuwa akiyafukuza kwa miaka thelathini na moja.

Mkewe hakuwahi kuikubali kazi hiyo. Siku ya sherehe ya wafanyakazi alisimama katikati yetu akasema, "Jamani, mume wangu eti anakausha majimaji. Nguo zangu kwenye kamba zinanyeshewa, hajawahi kuzianua hata siku moja!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mkavu alikuwa anachunguza kifungo cha shati lake.

Mimi wananiita Mama Lebo. Naosha vyombo vya maabara, nabandika lebo, napanga chupa, na mdomo ninao, sikatai. Nimekaa na mzee yule chumba kimoja miaka kumi na minne, kwa hiyo ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu, na kimoja kati ya hivyo ningependa nisingekiona.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na bomba pana la chuma limesimama wima, limejaa vijipunje vya mviringo rangi ya udongo mweupe, vidogo kama mbegu za papai. Sisi tuliviita shanga. Kila shanga ina vitundu ambavyo jicho halivioni, na vitundu hivyo ni vyembamba kiasi kwamba maji yanapenya na kunaswa, ila asetoni ni nene, haipiti. Unaizungusha asetoni kwa pampu humo ndani mchana kutwa, inapita katikati ya shanga na kuacha maji yake. Shanga zikishiba, unazitoa, unazipuliza kwanza mpaka harufu ya asetoni iishe kabisa, maana asetoni na oveni ni moto wa kuita zimamoto, kisha unazitia kwenye oveni nyuzi mia mbili na hamsini mpaka maji yote yazitoke. Hapo zina kiu upya.

Na kiu hiyo haichagui. Shanga iliyotoka kwenye oveni inakunywa unyevu wa hewa kama inavyokunywa wa asetoni. Ndiyo maana sheria ya Mkavu ilikuwa moja: kutoka kwenye oveni, moja kwa moja kwenye pipa la chuma, mfuniko juu, zipoe humo humo. Alikuwa hata hapumui karibu na chupa ya sampuli. Anageuza uso pembeni, anavuta kwa bomba la sindano lililokaushwa, anafunga, ndipo anashusha pumzi. Watu waliodhani anaringa hawakujua kwamba pumzi ya mtu nayo ina maji.

Baada ya yote hayo alikuwa anapima maji yaliyobaki. Alitumia bureti ya kioo, ule mrija wenye alama za vipimo, na dawa ya kahawia yenye iodini. Unadondosha dawa kwenye sampuli, maji yanaila na rangi yake inapotea, unadondosha tena, inapotea tena, mpaka maji yakiisha rangi ya kahawia inabaki. Unasoma umetumia dawa kiasi gani, ndipo unajua maji yalikuwa kiasi gani. Mpaka wetu ni asilimia sifuri nukta sifuri tano. Chini ya hapo, Mkavu anasaini kitabu na asetoni inaruhusiwa kwenda kwenye mtungi mkubwa wa kuchanganyia. Juu ya hapo hasaini, hata ukimletea meneja na mke wa meneja.

Basi mwaka mmoja makopo madogo yakavimba. Hayakuwa mengi, lakini yalivimba, na duka moja likarudisha katoni nzima. Maji yaliingilia wapi hakuna aliyejua mpaka leo. Huenda ni kwetu, huenda ni makopo yenyewe. Meneja alifanya wanachofanya mameneja: akanunua mashine ya kupimia na akaajiri mkemia. Kisha akamwita Mkavu mbele yetu sote, jambo ambalo sijamsamehe, akamwambia, "Mzee, ikitoka asetoni mbichi tena hapa, kitabu kinakwenda kwa Mkemia. Wewe utamalizia kule kwenye kufunga makopo."

Alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu. Miaka thelathini na moja saini yake ndiyo iliyofungua ule mtungi, halafu amalizie kwa kugonga vifuniko kwa nyundo ya mpira! Mkavu alisema tu, "Sawa, bosi." Mimi ndiye niliyevunja gilasi siku ile, na haikuniponyoka.

Mkemia alikuwa binti mwembamba, ametoka chuo, anatembea haraka hata akiwa haendi popote. Nilijiandaa kumchukia. Alinikwamisha kwa sababu alikuwa na adabu, anamwita Mkavu "Mzee wangu", na chombo akikichafua anakiosha mwenyewe. Ila bureti ya kioo aliifunga kwenye gazeti akaiweka kabatini, pamoja na chupa zote za dawa za zamani, akaagiza dawa moja mpya ya mashine. Wiki mbili za kwanza mashine ilifanya kazi vizuri. Vilipimwa viyeyusho vingine, kama butili asetati, vyote vikapita. Asetoni ilikuwa haijafika zamu yake.

Sasa nisikilize hapa. Jumatano, mvua ya siku ya tatu mfululizo, kuta zenyewe zinatoka jasho. Mkavu alitoa sinia la shanga kwenye oveni, akaliweka mezani ili afungue pipa. Simu ikalia. Pale kwetu simu inashika vizuri dirishani tu, na dirisha liwe wazi. Akaenda dirishani, akafungua.

"Eh? Amejifungua? Salama wote wawili?"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. Aliyejifungua alikuwa binti yake, mtoto wa pekee, aliyekaa miaka tisa kwenye ndoa akisubiri. Mkavu aliegemea fremu ya dirisha, mvua inamrukia begani, anacheka peke yake. Akaongea na binti, akaongea na mkwewe, akaongea na mkewe aliyekuwa kule kule hospitali, kisha akaongea na binti tena. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo yangu. Niliona sinia liko wazi na dirisha liko wazi. Nikaangalia saa ya ukutani. Dakika arobaini.

Ningemwambia. Lakini mtu amepata mjukuu wa kwanza baada ya miaka tisa, wewe unamkatizia kwa habari za shanga? Nikajikausha. Alipogeuka, macho yamemlowa, aliliona sinia, akasimama kidogo, halafu akazimimina shanga ndani ya pipa na kufunga. Alhamisi akazijaza kwenye bomba na kuzungusha asetoni mchana kutwa.

Ijumaa asubuhi mtungi mkubwa ulikuwa umeoshwa unangoja, meneja anapitapita koridoni. Mkavu alichukua sampuli kwa uso wake wa pembeni. Mkemia akaidunga kwenye chombo cha mashine, ambamo mna methanoli na dawa inayojidondosha yenyewe. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo. Sifuri nukta sifuri tisa. Sifuri nukta moja tano. Kwa kawaida zinapanda kisha zinatulia. Hizi hazikutulia. Dakika ya tano Mkemia akaisimamisha kwa mkono: sifuri nukta tatu moja.

Mara sita ya mpaka! Nikawaza lile sinia, nikawaza ile nyundo ya mpira.

"Mzee wangu," Mkemia alisema polepole, "hii ni mbichi sana."

"Rudia."

Akarudia, chupa ile ile. Safari hii aliisimamisha dakika ya tatu: sifuri nukta mbili mbili.

Mkavu akavuta stuli, akakaa mbele ya mashine kama mtu aliyemtembelea mgonjwa. "Chupa moja, majibu mawili," alisema. "Hebu iache iendelee. Usitie kitu, iache tu."

Tukaiacha. Hakuna aliyetia kitu, na namba ikaendelea kupanda, pole pole, haina haraka.

"Maji ya kwenye chupa yana mwisho wake," alisema Mkavu. "Yakiliwa yote yanakwisha. Haya hayaishi. Kuna mahali yanatengenezwa. Hebu mwaga, tia methanoli mpya, pima ile butili asetati ya juzi."

Butili asetati ikasimama ndani ya dakika moja: sifuri nukta sifuri mbili, kama ilivyosoma juzi. Mashine haikuwa na kasoro.

"Kumbe ugomvi ni wa asetoni peke yake," alisema Mkavu. "Binti yangu, asetoni na methanoli ukiziweka chombo kimoja zinafanya nini?"

Mkemia akajipiga kofi la paji la uso mpaka miwani ikaruka. "Zinaungana! Jamani! Zinaungana zinatoa ketali, na maji! Nilijibu swali hili kwenye mtihani!"

"Basi ndiyo hayo. Mashine inapima maji ya sampuli, halafu inapima na maji yanayozaliwa humo humo tumboni mwake. Tungekaa mpaka jioni ingeendelea kuhesabu. Zamani tulikuwa na dawa yake tofauti, haina methanoli. Mama Lebo, ile chupa yenye utepe mwekundu iko wapi?"

Chupa ipo wapi, ananiuliza mimi! Niliitoa kabatini kabla hajamaliza kusema, ikiwa imefungwa kama nilivyoipanga. Mkemia akasuuza chombo, akatia dawa ile. Kwa kuwa ilikuwa ya siku nyingi na nguvu yake huenda imepungua, wakaijaribu kwanza kwa tone la maji walilolipima uzito kwenye mizani ndogo, wakalirudia mara tatu. Walifanya wawili, vichwa vimekaribiana, yeye anabonyeza, mzee anashika sindano.

Ndipo wakapima asetoni. Namba ikapanda, ikapunguza mwendo, ikasimama kabisa. Sifuri nukta sifuri nane.

Wakarudia. Sifuri nukta sifuri nane.

Haikuwa balaa la asubuhi, lakini mpaka ni sifuri nukta sifuri tano, na nane ni nane.

Mlango ukafunguliwa, meneja akaingiza kichwa. "Vipi, tunaanza au hatuanzi?"

Mkemia alimgeukia kwa aibu. "Bosi, kosa ni langu. Dawa niliyoagiza haifai kwa asetoni, ilikuwa inaongeza maji ya uongo. Mzee ndiye aliyegundua. Sasa tumepima kwa dawa ya zamani." Akamtupia mzee jicho. "Imezidi kidogo tu. Na dawa yenyewe ni ya siku nyingi, inawezekana ndiyo inayotuzidishia."

Nilimwelewa vizuri. Alikuwa anamfungulia mzee mlango, na yeye mwenyewe kajitwika lawama zote. Meneja naye alikuwa na haraka. "Kwa hiyo mashine ilikosea, mzee alikuwa sahihi. Basi, mzee, saini twende."

Kitabu kilikuwa mezani, kalamu juu yake. Mkavu hakuigusa. Nilimwombea kimoyomoyo aishike, kusema kweli. Nani angejua? Mimi tu, na mimi nilishajikausha tangu Jumatano.

"Dawa tumeijaribu kwa maji mara tatu, imejibu sawasawa," alisema. "Mama Lebo, niletee shanga zilizobaki kwenye pipa la Jumatano. Na lile kopo la shanga mpya ambalo halijafunguliwa."

Nikaleta. Alimwambia Mkemia akinge viganja vyote viwili. Kulia akamwekea shanga chache za kopo jipya, kushoto shanga za pipa, akadondoshea kila upande tone la maji. Shanga zenye kiu zikikutana na maji zinatoa joto, huo ndio mtihani wa zamani. Mkemia alishtuka, nusura atupe za kulia. "Zinaunguza!"

"Na za kushoto?"

Akatulia, akazisikiliza kwa kiganja. "Vuguvugu. Vuguvugu kidogo."

"Zilikuwa zimeshakunywa," alisema Mkavu. "Jumatano niliacha sinia wazi, dirisha wazi, na mvua ile. Nilikuwa kwenye simu. Nikajidanganya kwamba zitatosha. Asetoni ni mbichi, bosi, na aliyeifanya mbichi ni mimi. Sisaini."

Uso wake ulikuwa umemshuka kwa haya mpaka sikuweza kuutazama. Na mimi nikajisikia hovyo, hovyo kabisa, kwa sababu nilikuwa nimemwachia mzigo aubebe peke yake.

"Mimi nilimwona," nikasema. "Dakika arobaini. Nilikuwa na ndoo mkononi na sikufungua mdomo."

"Wewe?" Meneja alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hukufungua mdomo?"

Mkemia alicheka, akajizuia, akaangalia chini. Meneja akavuta kitabu, akakishika bila kukifungua. Tulijua sote anawaza nini. Alisema mbele ya watu: ikitoka asetoni mbichi tena. Na hii hapa imetoka, mwenyewe amekiri.

"Mpaka iwe tayari itachukua muda gani?" aliuliza.

"Shanga mpya leo, izunguke mpaka kesho mchana. Nitakuja Jumamosi," alisema Mkavu.

"Na mimi nitakuja," alisema Mkemia. "Bosi, kitabu usinipe mimi. Mimi ningesaini."

Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Meneja alimtazama, akamtazama mzee, akaweka kitabu mezani na kukisukuma mbele ya Mkavu. "Andika kilichotokea. Chote, na sababu yake. Nitakuja kukisoma." Akaondoka.

Mkavu aliandika kwa zile herufi zake ndogo zilizosimama wima, huku akigeuza uso pembeni kidogo, kana kwamba hata karatasi hataki kuipumulia. Jumamosi mchana asetoni ikasoma sifuri nukta sifuri mbili, ikasimama pale pale. Akasaini. Kisha akamsogezea Mkemia kalamu, na yeye akasaini chini yake, na tangu siku ile saini zikawa mbili.

Meneja alifika kabla hatujafunga. Akafungua kitabu, akasoma akiwa amesimama. Nilishakisoma, bila shaka. Kiliandikwa: *Asetoni imekataliwa, 0.08. Sinia la shanga liliachwa wazi dakika arobaini, mvua ikinyesha. Kosa langu. Sababu: mjukuu.*

Alilisoma lile neno la mwisho kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Katika vitabu vyote vya miaka thelathini na moja, hakuna mahali pengine Mkavu alipoandika neno lolote linalomhusu yeye.

"Wa kike au wa kiume?" aliuliza meneja.

"Wa kike."

"Anaitwa nani?"

"Bado hawajampa jina, bosi. Wazazi wake wanabishana."

"Sisi hapa tumeshampa," nikasema, maana wiki ile nilikuwa nimeshafunga mdomo siku mbili nzima na inatosha. "Anaitwa Unyevu."

Meneja alicheka, Mkemia akacheka mpaka akavua miwani. Mkavu naye alianza kucheka, halafu akageukia dirishani, akatoa leso, na safari hii hakuwa anailinda chupa yoyote.